Uzi wa Waridi Kwenye Neti

Uzi wenyewe ulikuwa wa waridi. Kathure aliuona Ijumaa jioni, kabla hata hajavua viatu, alipoinama kukung'uta shuka. Pale kwenye neti, usawa wa mto, palipokuwa na tundu la kuingiza kidole gumba, sasa palikuwa na mshono. Mshono mdogo, umekazwa, umefungwa fundo lisiloonekana. Kazi ya mkono wa mwanamke, hiyo haina ubishi. Na katika chumba kile, tangu Jumapili jioni hadi Ijumaa jioni, hakukuwa na mwanamke wa kuingia.

Akakaa kitandani na viatu vyake, akautazama ule uzi kama mtu anayetazama nyayo za mwizi.

Kathure alikuwa mpishi wa shule ya bweni kule Kanja, juu karibu na msitu, ambako maji ya asubuhi hukata vidole. Alizaliwa Kaaga, Meru mjini, nako ni baridi vilevile. Mbu alimjua kwenye vitabu vya shule tu. Lakini alimpenda Ndambiri, fundi wa pikipiki, na kwao Ndambiri ni Mbeere, chini ya Kiritiri, ambako bwawa huonekana ukisimama mlangoni na mbu huanza kuimba jua likiwa bado juu. Kwa hiyo siku tano alipikia wasichana wa watu, na siku mbili alipikia watu wake. Mwanawe Ireri, wa miaka mitatu, mchana alishinda kwa nyanya yake Rwamba, mamake Ndambiri, hatua thelathini tu kutoka mlangoni. Usiku alilala na babake kwenye kitanda kikubwa.

Rwamba mwenyewe hakuweza kuwa mshonaji. Hilo Kathure hakulifikiria hata kidogo, na mtu yeyote wa boma lile angemcheka kama angelifikiria. Pale kwao mzazi haingii chumba anacholala mwanawe aliyeoa. Sebuleni, karibu. Jikoni, karibu. Mlango wa chumba, basi, hapo ni mwisho. Kugusa kitanda chenyewe ni jambo ambalo watu hawalitaji hata kwa mzaha. Mtoto akimlalia mgongoni, Rwamba alimlaza kwenye kochi akaenda zake.

"Nani ameshona neti?" Kathure aliuliza, Ndambiri alipoingia na mafuta ya pikipiki mpaka kwenye viwiko.

Ndambiri alisita. Kidogo tu, kama mtu aliyekanyaga jiwe. "Mimi."

"Wewe?"

"Kwani mimi sina mikono?"

Alikuwa nayo, tena mizuri ya kufungua injini. Lakini katika miaka mitano ya ndoa Kathure hakuwahi kumwona akigusa sindano. Hata vifungo vya shati lake vilingoja Ijumaa. Jumamosi asubuhi alimpa sindano na uzi mweusi. "Nishikie hapa, nitungie, macho yananisumbua." Ndambiri akalamba uzi, akakunja uso, akachoma hewa. Akalamba tena. Mara ya saba akaitupa sindano mezani, akasema kuna mteja anamngoja.

Haya basi, Kathure akajisemea. Fundi wa neti huyo.

Kuanzia hapo alikifanyia chumba chake upekuzi. Na mtu akitafuta, ataona tu. Neti ile ya buluu, ya pembe nne, alikuwa amepewa zahanatini alipojifungua Ireri, na aliifunga yeye mwenyewe kwa kamba zilizokuja nayo, kwenye misumari minne iliyopigwa juu karibu na dari. Ilipendeza, imeinuka kama pazia la kanisa. Upande wa mbele aliichomeka chini ya godoro kwa shida, maana pindo lilikuwa linafika kwa kuvutwa. Upande wa ukuta hakujisumbua. Kitanda kilikuwa kimegusa ukuta, mbu angepitia wapi?

Sasa kamba zote nne zilikuwa zimeongezwa kwa vipande vya mkonge vilivyosokotwa kwa mkono. Neti imeshuka, pindo linafika chini ya godoro na kubaki. Kitanda kimevutwa mbele, kiasi cha kupitisha kiganja kati yake na ukuta. Na upande wa ukuta, mama yangu, neti ilikuwa imechomekwa kuanzia kichwani hadi miguuni, imepigwa pasi kwa mkono, haina hata mkunjo.

Kathure alilala upande wa mbele tangu aolewe, kwa sababu ndiye aliyeamka kwanza. Ndambiri alilala katikati, miguu huku na huku. Ireri alilala popote alipoangukia. Nani basi huujali upande wa ukuta, kama si mtu anayelala upande wa ukuta?

Akamwita Ireri, akampakata. "Niambie, mwanangu. Mama akienda Kanja, nani anaingia chumba cha baba?"

Mtoto akaziba mdomo kwa viganja vyote viwili, akacheka kwa pua, akaruka chini na kukimbia nje kwa nyanya yake. Mtoto wa miaka mitatu hajui kuficha kitu hivyo mpaka afundishwe. Kathure akamfuata hadi mlangoni. Kule ng'ambo ya ua, Rwamba alikuwa anapepeta pojo; macho yao yakakutana, na mama mkwe akayashusha haraka kwenye ungo. Naye anajua! Anamfichia mwanawe!

Jumapili jioni, kabla ya kuondoka, Kathure alitega. Aling'oa unywele wake mmoja mrefu, akaufunga kwenye pembe ya neti upande wa ukuta, ukashika ubao wa kitanda. Akabeba begi lake akaenda Kanja, akapika ugali wa watu mia tatu huku akifikiria unywele mmoja. Jumatano aliunguza maharagwe.

Ijumaa unywele haukuwepo. Na kulikuwa na jipya: kwenye kona ya miguuni, ambako msumari wa kitanda uliwahi kuirarua neti upana wa kitanga, sasa kulikuwa na kiraka. Kipande cha neti nyingine, nyeupe iliyochakaa, kimepindwa kingo zote na kushonwa kwa uzi uleule wa waridi. Huyo mwanamke hata haya hana, Kathure aliwaza. Ameleta na vifaa vyake.

Hakulia. Alimpelekea Peninah habari.

Peninah alikuwa jirani, muuzaji wa muguka, yale majani ya kutafuna, pale sokoni na mwenyekiti wa chama cha akina mama. Kitu kikiingia sikioni mwake kabla ya chai ya saa nne, saa sita kimefika Siakago. Kathure alilijua hilo vizuri, lakini uchungu ulimfanya asahau.

"Uzi wa waridi?" Peninah akapiga makofi mara moja. "Wee! Huyo ni msichana mdogo. Mwanamke mzima angeshona kwa uzi mweusi akaficha. Mwenzangu, mume akianza kujua kushona, ujue ana mwalimu."

"Nitafanyaje?"

"Njoo siku asiyokutarajia. Mchana. Na usiingie peke yako, baadaye watakuambia uliota. Mimi nitakuwa shahidi."

Hivyo ndivyo Jumatano iliyofuata Kathure alivyomdanganya mkuu wa jikoni kwamba mtoto ni mgonjwa, akashuka kutoka Kanja na begi lake la nguo. Njiani alikuwa ameshaamua. Angemwona huyo mtu kwa macho yake, angemchukua Ireri, angefunga nguo zake zilizobaki na kurudi Kaaga kwa mamake, na ndoa yake ingeishia hapo. Aliumia kufikiria hivyo, kwa sababu bado alimpenda yule mjinga.

Saa saba mchana, jua limewaka, ua umenyamaza. Ireri alikuwa amelala kwenye mkeka barazani kwa nyanya yake, lakini nyanya mwenyewe hakuonekana. Mlango wa nyumba ya Kathure ulikuwa umerudishwa tu. Peninah alimfuata kisogoni, leso ameikaza kiunoni kama anayeenda kupigana yeye.

Waliingia sebuleni kwa ncha za vidole. Na kutoka chumbani wakasikia kitanda kikilia. Kwiii. Kimya. Halafu mtu akakohoa kidogo.

"Si nilikuambia!" Peninah akanong'ona, macho yakimng'aa.

Kathure akausukuma mlango kwa nafasi ya kupita bega lake.

Neti ilikuwa imeshushwa mchana kweupe, imechomekwa pande zote nne, na ndani yake kulikuwa na mtu. Dirisha lilikuwa wazi nyuma yake, kwa hiyo alionekana kivuli tu: kitambaa kichwani, mgongo umepinda, amepiga magoti katikati ya kitanda cha Kathure na uso ameuinua kuelekea mwangani. Mkono mmoja ulikuwa unaupapasa wavu polepole, shubiri baada ya shubiri. Mkono wa pili ulishika sindano.

Yule mtu akageuka. Alikuwa Rwamba.

Sijui kama umewahi kumwona mtu mzima akitamani ardhi ipasuke. Rwamba aliachia sindano, akatafuta pa kutokea, akavuta neti huku na kule, lakini mwenyewe alikuwa ameichomeka vizuri mno, haikuachia. Akajifunika uso kwa viganja, palepale ndani ya wavu, mama wa miaka sitini na tano, juu ya kitanda cha mwanawe.

"Ni nani?" Peninah alikuwa anasukuma kutoka nyuma. "Nipishe nimwone! Ni yule msichana wa duka la dawa?"

Kathure alikuwa na muda wa pumzi moja. Peninah akiona, kesho soko zima litajua kwamba Rwamba hupanda kitanda cha mwanawe. Haitamsaidia neti, wala sindano. Watamwambia amekuwa mchawi, au amerukwa na akili, na kanisani wanawake watamwachia benchi zima akae peke yake. Na shahidi huyo Kathure ndiye aliyemleta, kwa miguu yake.

Akauvuta mlango kwa nguvu, ukagonga.

"Hakuna mtu."

"Hakuna mtu? Nimesikia akikohoa!"

"Ni mimi nimekohoa."

"Na kitanda?"

"Paka ameruka dirishani." Kathure akaegemea mlango kwa mgongo. "Peninah, nimekuwa mjinga. Nimekutoa sokoni bure. Nenda, muguka wako unanyauka."

Peninah alimtazama kuanzia kitambaa hadi viatu. Alikuwa na hakika kwamba anadanganywa, na ilimuuma, maana aliitaka habari ile kama chakula. Alizunguka hata nje, Kathure akamsikia akipita ukutani, na akamsikia Rwamba ndani akiusukuma ubao wa dirisha taratibu kupitia wavuni, ukafunga. Mwishowe hatua zikaelekea barabarani.

Kathure akaingia chumbani, akafunga mlango, akalichomoa pindo la neti upande wa mbele. "Toka, mama."

Rwamba akashuka, akasimama kwenye kona mbali na kitanda. "Usimwambie mtu," akasema, sauti imepotea. "Ndambiri anajua. Alinikuta mara ya pili. Nilimwambia akikuuliza aseme ni yeye."

"Hajui hata kutunga uzi."

"Najua. Nimemlea."

Kathure akakaa ukingoni mwa kitanda. "Lakini kwa nini, mama? Ungeniambia!"

"Ningekuambia nini? Kwamba nimechungulia kitanda cha mwanangu dirishani?" Rwamba akanyanyua macho kwa mara ya kwanza. "Mwezi wa nne Ireri alipolazwa hospitalini, wewe ukiwa Kanja, ni mimi nilimbeba. Amelegea, anachoma kama jiko. Daktari akauliza, mtoto analala ndani ya neti? Nikasema ndiyo, kwa maana neti nilijua ipo. Niliporudi nikachungulia. Dirisha si chumba. Nikaona mmeitundika kama nguo ya bibi harusi. Huku mbele imezibwa, huko ukutani iko wazi. Mbu mchana hujificha wapi? Si huko huko ukutani, gizani! Jioni wanashuka nyuma ya godoro, wanaingia, halafu mnawafungia ndani na mtoto."

Kwao Kathure, kule Kaaga, ukutani kulikuwa na kalenda tu.

"Na ulikuwa unaianika juani," Rwamba aliendelea, sasa amepata kasi. "Jua hilo la hapa! Ile dawa yake inakufa. Huanikwa kivulini. Nikasema nikikuambia, wewe msichana uliyesoma, utaona mama mkwe anakusimamia mpaka kitandani. Nikinyamaza, mtoto atarudi hospitali. Nikaingia. Mara ya kwanza nilisali mlangoni kama mtu anayeenda kuiba."

"Na uzi? Wa waridi, mama?"

"Sikuwa na mwingine. Niliufumua kwenye pindo la shimizi yangu ya kanisani. Kiraka kilitoka kwenye neti yangu ya zamani." Kisha akasema kwa Kimbeere, polepole ili Mmeru amwelewe, kwamba mtoto yule amepewa jina la mume wake. "Ireri wa kwanza alikufa kwa homa hii hii, hapo ng'ambo, mvua za mwaka huo. Alitetemeka siku nne. Nimeshamzika Ireri mmoja, Kathure. Sitamzika tena."

Hapo Kathure alilia. Alilia kwa ajili ya karibu wiki mbili za kumtukana mtu moyoni, na mtu huyo alikuwa anamlindia mtoto. Tangu kamba zile ziongezwe Ireri hakuwa ameumwa hata siku moja, na yeye mamake, kwa kutafuta nywele na nyuzi, hakuliona hilo.

Alipomaliza akapangusa uso kwa kanga, akafungua mafundo manne ya neti, akaibeba yote mikononi kama mtoto. "Twende nje, mama. Nje hakuna mwiko."

Wakakaa kivulini nyuma ya nyumba, ambako barabarani hawaonekani, neti imetandazwa mapajani mwao wote wawili. Rwamba alimwonyesha. Kwanza unaiinua sehemu kwa sehemu kuelekea mwanga na kuipapasa, kwa maana tundu dogo jicho hulipita lakini kidole hakilipiti. Likiwa dogo, unavuta kingo zake pamoja na kuzungusha uzi. Likiwa kubwa, usilivute, neti itapinda. Weka kiraka kikubwa kuliko tundu, ukunje kingo. Walipata matundu matano. Mawili yalikuwa na kingo ngumu zilizoungua, na Kathure alikumbuka koroboi aliyoisogeza karibu siku stima ilipokatika. Rwamba hakusema kitu juu ya koroboi.

Jua lilipoanza kuinama Kathure akairudisha chumbani. Rwamba akazunguka, akasimama nje ya dirisha, viwiko juu ya kizingiti, akawa anaamuru kama fundi mkuu.

"Kamba ya huko kichwani, legeza. Bado. Ikishuka sana itawalalia usoni, na mbu atawauma kupitia wavuni. Hapo! Sasa chomeka. Si kwa vidole, sukuma kiganja chote chini ya godoro."

"Nimechomeka."

"Na ukutani?"

Kathure akapanda kitandani, akajinyoosha, akausukuma mkono kwenye ile nafasi ya kiganja kimoja, kutoka kichwani hadi miguuni.

"Sasa lala chali humo ndani, uangalie kama kuna mbu uliyemfungia."

Akalala. Kupitia buluu ya wavu aliona dari, misumari minne, na dirishani kichwa cha mama mkwe kikimtazama kwa mashaka, kama kwamba bado angeweza kuacha mwanya mahali.

Ndambiri alirudi jioni, akakuta mke nyumbani siku ya Jumatano, na karibu na mlango begi lake la Kanja limejaa nguo. Alisimama, kofia ya pikipiki mkononi, rangi imemtoka.

"Unaenda wapi?"

"Nilikuwa naenda Kaaga," Kathure akasema, kwa kuwa hakutaka tena uongo mwingine ndani ya nyumba ile. "Nimeghairi."

Ndambiri akaingia chumbani. Akaona neti, akaona mishono mitano mipya ya waridi, miwili imepinda vibaya, ya mtu anayejifunza. Akaigusa ile iliyopinda. "Nani ameshona?"

"Mimi."

Alimtazama mkewe muda mrefu. Halafu akatazama dirishani, kule ng'ambo ya ua, ambako mamake alikuwa anawasha moto bila kugeuka.

"Peninah akikuuliza sokoni," Kathure akasema, "mwambie siku zote mshonaji ni mimi." Akamnyanyua Ireri aliyekuwa anasinzia kwenye kochi, akainua pindo la neti kidogo tu, akamtelezesha ndani kabla mbu hawajaanza. "Na wewe usogee huko mbele. Kuanzia leo upande wa ukuta ni wangu."